Kipimo cha haraka au hadubini? Kuchagua kipimo cha malaria Moshi, na kumeza dawa mseto inavyotakiwa

Mtu wa Moshi aliyeshikwa na homa akienda kupima malaria atakutana na kimojawapo cha vipimo viwili. Cha kwanza ni kipimo cha haraka, kile cha kaseti ya plastiki ambacho kwenye daftari la maabara huandikwa mRDT. Cha pili ni hadubini, ambacho kwenye fomu huandikwa BS na ndicho kinachowafanya watu waseme "nimekutwa na malaria mbili". Wengi huuliza kipi ni cha uhakika zaidi. Swali hilo halijibiki hivyo, kwa sababu vipimo hivi havitafuti kitu kimoja. Jibu linategemea mgonjwa ametoka wapi, na kama amemeza dawa ya malaria majuma machache yaliyopita.

Kila kipimo kinaona nini

Kaseti haioni kimelea. Inanasa protini ambazo kimelea huziacha kwenye damu. Kaseti nyingi zinazotumika kwetu zina nafasi ya mistari mitatu: C, Pf na Pan. C ni wa kuhakiki kwamba kaseti imefanya kazi. Usipotokea, majibu ni batili hata kama mistari mingine imekolea. Mstari wa Pf kwa kawaida hunasa protini iitwayo HRP2, inayotengenezwa na falsiparum, kimelea kinacholeta sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Tanzania Bara. Mstari wa Pan hunasa kimeng'enya kiitwacho pLDH, ambacho aina zote za malaria ya binadamu zinacho.

Tofauti ya protini hizo mbili ndiyo inayoleta mkanganyiko mwingi vituoni. Kimeng'enya cha pLDH hutoweka siku chache baada ya vimelea kufa. HRP2 hubaki ikizunguka kwenye damu wiki mbili, tatu, na kwa mtu aliyekuwa na vimelea vingi inaweza kupita mwezi. Kwa hiyo mstari wa Pf ukitokea, umesema kwamba protini ipo. Kama imetengenezwa leo au mwanzoni mwa mwezi, kaseti haina njia ya kujua.

Hadubini inaonyesha mwili wa kimelea wenyewe. Mtaalamu wa maabara anaona umbo lake, anatambua aina yake, na anaweza kuvihesabu. Vimelea vikifa, ndani ya siku chache havionekani tena. Udhaifu wake uko kwingine: unahitaji slaidi safi, rangi nzuri, lenzi isiyo na ukungu, na mtu mwenye muda. Mtaalamu hodari katika maabara nzuri anaweza kukamata vimelea 5 hadi 10 katika maikrolita moja ya damu. Katika zahanati yenye foleni, kiwango halisi ni 50 hadi 100 au zaidi. Kaseti nzuri huanza kuwa ya kuaminika kwenye vimelea 100 hadi 200 kwa maikrolita. Katika kazi ya kila siku, basi, vinakaribiana kuliko watu wanavyodhani.

Kwa nini Moshi si Geita

Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara iko kwenye kundi la malaria kidogo kabisa nchini. Katika utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017, maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa hii yalikuwa chini ya asilimia 1, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7.3. Malaria ipo, hasa huku chini kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni na kuelekea Kahe, na kwa watu wanaorudi safari. Ila mgonjwa wa Kibosho au Marangu ambaye hajatoka nyumbani miezi miwili ana nafasi ndogo sana ya kuwa nayo.

Hili si dhana tu. Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008 uliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Madaktari waliandika malaria kwa 528, asilimia 60.7. Ilipothibitishwa, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa 14 tu, asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki walikutwa wenye bakteria kwenye damu, leptospira, homa ya kyu, riketsia, brusela, chikungunya na mengineyo.

Uchache huo unabadilisha maana ya neno "chanya". Tuchukue mfano wa hesabu, tarakimu zikiwa za kudhania. Watu 1,000 wenye homa wanapimwa Moshi, na 20 kati yao wana malaria kweli. Maabara ya kawaida inatumia hadubini, inawakamata 85 katika kila 100 wenye malaria, na inakosea kuwapa chanya watu 5 katika kila 100 wasio nayo. Wenye malaria watakaoonekana ni 17. Wasio nayo ni 980, na asilimia 5 yao ni 49. Jumla ya waliopewa jibu la malaria ni 66, na wenye malaria kweli ni 17, yaani karibu mmoja kati ya wanne. Maabara hiyohiyo, na mtaalamu huyohuyo, ukiihamishia Geita ambako tuseme 300 kati ya 1,000 wana malaria, itatoa chanya 255 za kweli na 35 za uongo. Mtaalamu hajabadilika hata kidogo.

Sasa weka kaseti Moshi, inayowakamata 95 kati ya 100 na kukosea kwa 2 kati ya 100 wasio na malaria. Chanya za kweli ni 19, za uongo ni 20. Bado nusu kwa nusu, lakini ni afadhali mara mbili kuliko ile slaidi ya haraka haraka.

Hapa ndipo penye "malaria moja". Katika mfumo wa alama za kujumlisha, alama moja maana yake ni vimelea 1 hadi 10 vilivyoonekana katika sehemu 100 za lenzi kwenye utando mnene wa damu ulio juu ya slaidi; mbili ni 11 hadi 100 katika sehemu 100; tatu ni 1 hadi 10 katika kila sehemu moja; nne ni zaidi ya 10 kwa kila sehemu. Anayeandika alama moja anaweza kuwa ameona kitu kimoja tu, na kitu hicho kinaweza kuwa chembe ya rangi. Mgonjwa wa Moshi asiye na safari, mwenye "malaria moja" ya hadubini na kaseti hasi, kwa sehemu kubwa hana malaria. Namba hiyo, kwa njia, haipimi ukali wa ugonjwa kwa jinsi inavyosemwa mtaani. Mtu wa "malaria moja" anaweza kuwa mahututi, kwa sababu falsiparum iliyokomaa hujificha kwenye mishipa midogo ya viungo vya ndani na kuacha vimelea vichache kwenye damu ya kidole.

Kaseti inavyoharibika

Kaseti inaonekana rahisi, na urahisi huo ndio unaowafanya watu waruke hatua. Kipimo kinachofanywa sawasawa huenda hivi. Pakiti hufunguliwa mgonjwa akiwa ameshakaa, maana kaseti iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa na kuharibika. Kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu kilichomo ndani kikiwa kimebadilika rangi, kaseti hutupwa. Kidole hufutwa kwa spiriti na kuachwa kikauke. Spiriti mbichi ikichanganyika na damu huivuruga. Damu inayotakiwa ni maikrolita 5, kidogo sana kuliko tone zima la kidole, ndiyo maana kila boksi lina kifyonzeo chake chenye alama. Damu inawekwa kwenye tundu lake, na bafa, kile kimiminika cha kwenye chupa ndogo ya boksi, kwenye tundu la bafa, matone kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya boksi hilo: zipo za matone 2 na zipo za matone 4. Kisha saa. Nyingine husomwa baada ya dakika 15, nyingine 20, na nyingi hazisomwi tena zikipita dakika 30.

Kila kosa katika hizo lina sura yake. Damu ikizidi, utepe hubaki mwekundu na mstari hafifu unazama ndani yake: hasi ya uongo. Ikisomwa dakika ya tano, mstari wa mgonjwa mwenye vimelea vichache haujajitokeza bado: hasi ya uongo tena. Ikisahauliwa mezani ikasomwa baada ya saa moja, utepe ukikauka unaweza kuchora kivuli cha mstari ambacho hakikuwepo, na hapo unapata chanya ya uongo. Bafa ikiisha na mtu akaazima ya boksi la kampuni nyingine, au akaweka maji, chanya za uongo hutokea kwa sababu mchanganyiko wa chumvi na sabuni ndani ya bafa ndio unaozuia kingamwili zisishikane ovyo. Chupa ya bafa iliyoisha kabla ya kaseti ni dalili kwamba kuna mtu alikuwa anamwaga matone mengi kuliko inavyotakiwa.

Joto huua kaseti kimyakimya. Boksi huonyesha kiwango cha juu, kwa kawaida nyuzi 30 au 40. Stoo ya bati huko tambarare mwezi wa Februari hupita hapo mchana. Kaseti iliyopikwa bado inaweza kutoa mstari wa C vizuri, huku wa Pf ukiwa umedhoofika, kwa hiyo C haikuhakikishii kwamba kaseti ilitunzwa vizuri. Kituo kinachopata hasi mfululizo kwa wagonjwa ambao slaidi zao ni chanya kianze kutilia shaka stoo kabla ya kumtilia shaka mpimaji.

Mstari hafifu wa Pf ukisomwa ndani ya muda wake ni chanya. Hakuna "nusu chanya".

Zipo sababu zisizo za mpimaji. Baadhi ya watu wenye kingamwili za ugonjwa wa baridi yabisi hupata chanya bila malaria. Na katika Eritrea na Ethiopia wamepatikana kwa wingi falsiparum waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, kwa hiyo mstari wa Pf haujitokezi ingawa damu imejaa vimelea. Kwa msafiri aliyetoka huko, Pan ikionekana peke yake, au zote mbili zikikosekana na homa ikaendelea, slaidi ni lazima.

Slaidi inavyoharibika

Slaidi moja hubeba tando mbili. Utando mnene una takriban maikrolita 6 za damu iliyotandazwa duara la milimita 12 hivi, na ndio wa kutafutia vimelea. Utando mwembamba, kama maikrolita 2, ndio wa kutambulia aina. Mwembamba huzamishwa kwenye methanoli ili chembe nyekundu zisipasuke. Mnene haupaswi kuguswa na methanoli wala mvuke wake, kwa kuwa unategemea chembe nyekundu zipasuke ndani ya maji ili vimelea viachwe peupe. Ukianikwa juani au karibu na jiko ili ukauke haraka, damu hujikaza kama imechovywa kwenye methanoli na huwezi kuona chochote katikati yake. Makosa mengi ya utando mnene huanzia hapo, kabla rangi haijamiminwa.

Rangi ya Gimsa ya asilimia 10 hukaa dakika 10 hadi 15. Ya asilimia 3 hukaa dakika 45 hadi 60 na hutoa picha safi zaidi. Inachanganywa na maji yenye pH 7.2. Maji ya bomba yasiyorekebishwa yakiwa na asidi, kiini cha kimelea hakishiki rangi nyekundu inavyotakiwa, na bila kiini chekundu na mwili wa buluu pamoja, hicho si kimelea. Gimsa iliyochanganywa asubuhi na kutumika jioni hujaa punje za zambarau, nazo ndizo chanzo kikubwa cha "malaria moja". Chembe ya kugandisha damu iliyokaa juu ya chembe nyekundu, vumbi, mkwaruzo kwenye slaidi iliyooshwa na kutumika tena, na bakteria waliozaliana kwenye chupa ya rangi humalizia orodha.

Kabla ya kuandika kwamba vimelea havikuonekana, mtaalamu anatakiwa kupitia angalau sehemu 100 kwa lenzi ya mia yenye mafuta. Hiyo ni kazi ya dakika nyingi kwa mgonjwa mmoja. Ukipewa jibu la hadubini dakika tano baada ya kutobolewa kidole, fahamu kwamba utando wenyewe haujakauka bado. Jibu hilo halikutoka kwenye slaidi yako, au halikutoka kwenye slaidi iliyosomwa.

Mgonjwa mmoja, njia mbili

Tuchukue dereva wa fuso mwenye kilo 58, mwenyeji wa Majengo, anayepeleka vitunguu Kahama. Siku 17 zilizopita alipimwa huko akakutwa na malaria kwa kaseti, akapewa dawa mseto ya ALu, akapona. Sasa yuko nyumbani, joto 38.6, kichwa na maungo. Kaseti inaonyesha C na Pf, Pan haipo.

Anayeangalia kaseti tu ataandika malaria na kumpa ALu nyingine. Lakini kwa muda huo Pf bila Pan ndiyo sura hasa ya protini iliyobaki baada ya vimelea kufa. Inaweza pia kuwa malaria mpya yenye vimelea vichache, na kaseti haiwezi kuamua kati ya hizo mbili. Hapa hadubini haina mpinzani.

Slaidi ikirudi bila vimelea katika sehemu 100, na ikarudiwa kesho yake ikawa vilevile, homa hii ina chanzo kingine na kutafutwa kwake kusicheleweshwe. Utamaduni wetu wa kujaza pengo hilo kwa "taifodi" iliyopimwa kwa Widal moja ni kosa la pili juu ya la kwanza, kwa sababu kipimo hicho nacho huwa chanya kwa watu wengi wasioumwa. Dereva anayekula njiani na kulala kwenye magunia yenye mikojo ya panya ana mambo ya kuulizwa, ikiwemo leptospira.

Slaidi ikionyesha vimelea vyenye umbo la ndizi tu, hizo ni gametosaiti. Zinaweza kubaki wiki kadhaa baada ya tiba, hazileti homa, na si ushahidi kwamba dawa imeshindwa.

Sasa tuseme slaidi imeonyesha vimelea vichanga vyenye umbo la pete. Mtaalamu amehesabu vimelea 130 dhidi ya chembe nyeupe 200. Kwa kuchukulia chembe nyeupe 8,000 katika maikrolita, hesabu ni 130 × 8,000 ÷ 200, yaani vimelea 5,200 kwa maikrolita. Hiyo ni malaria ya kweli iliyorudi ndani ya siku 28. Hapewi ALu ileile. Anapewa mseto mwingine, kwa kawaida dihidroartemisinini na piperakwini. Kwa kilo 58 ni vidonge 3 vya miligramu 40/320 mara moja kwa siku, siku 3. Homa ingerudi baada ya siku 28, ingehesabiwa kuwa maambukizi mapya na ALu ingetumika tena.

Uchaguzi kwa ufupi:

| Hali ya mgonjwa | Anza na | Kwa sababu |
|---|---|---|
| Homa mpya, hajatumia dawa ya malaria mwezi huu | Kaseti | Haitegemei macho ya mtu, na jibu hupatikana ndani ya nusu saa |
| Homa ndani ya wiki nne baada ya ALu | Hadubini | HRP2 ya zamani bado iko kwenye damu |
| Dalili za hatari | Vyote viwili, tiba isisubiri | Idadi ya vimelea inahitajika kufuatilia tiba |
| Kaseti hasi, ametoka safari ya malaria, homa inaendelea | Rudia baada ya saa 12 hadi 24, kwa slaidi | Vimelea huenda vilikuwa vichache |
| Kufuatilia kama dawa inafanya kazi | Hadubini | Kaseti hubaki chanya hata kwa aliyepona |

Dawa mseto: yule dereva alikosea wapi

ALu ni ya malaria isiyo kali. Mgonjwa aliyepata degedege, aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu, asiyeweza kukaa wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, mwenye mkojo wa rangi ya kahawa, macho ya njano au weupe wa kutisha hapewi vidonge akarudishwa nyumbani. Anahitaji sindano ya atesuneti, na anahitaji hospitali.

Kidonge kimoja cha kawaida kina artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120. Zinafanya kazi kwa zamu. Artemetha huua vimelea vingi sana ndani ya saa chache, na nusu yake hutoka mwilini katika saa 2 au 3 hivi. Lumefantrini hukaa kwenye damu siku kadhaa na kumalizia vilivyobaki. Mgonjwa anayejisikia mzima baada ya dozi ya pili amepata kazi ya artemetha. Ya lumefantrini haijafanyika. Kimelea cha falsiparum hukamilisha mzunguko wake kwa saa 48 hivi, ndiyo maana dozi zinavuka siku tatu.

Idadi ya vidonge kwa kila dozi hufuata uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1, 15 hadi chini ya 25 ni 2, 25 hadi chini ya 35 ni 3, kilo 35 na kuendelea ni 4. Dozi ni 6, kwa hiyo mtu mzima humeza vidonge 24. Mtoto wa chini ya kilo 5 aandikiwe na daktari. Mjamzito aseme ana mimba ya muda gani. Kwa miezi mitatu ya mwanzo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza ALu tangu 2022, ambapo zamani ilikuwa kwinini.

Dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ya kwanza, kisha saa 24, 36, 48 na 60 kuanzia mwanzo. Hiyo saa 8 ndiyo inayowashinda watu. Dereva wetu alimeza ya kwanza saa 2 usiku. Ya pili ilikuwa saa 10 alfajiri. Aliambiwa "nne kutwa mara mbili", akameza ya pili mchana wa kesho yake, na tangu hapo kila kitu kikasogea. Mtoa dawa anayeandika saa halisi kwenye boksi, yaani saa 10 alfajiri, saa 2 usiku, saa 2 asubuhi, saa 2 usiku, saa 2 asubuhi, anamsaidia mgonjwa kuliko anayesema "baada ya saa nane". Dozi ya kwanza ikimezwa saa 4 asubuhi, ya pili huangukia saa 12 jioni na hakuna anayepoteza usingizi.

Kosa lake kubwa zaidi lilikuwa kumeza vidonge kwa chai ya rangi tu. Lumefantrini hainyonywi vizuri tumboni pasipo mafuta. Pamoja na mlo wa mafuta kiasi kinachoingia kwenye damu huongezeka mara nyingi. Haihitaji karamu. Imeonekana kwamba gramu 1.2 tu za mafuta zinatosha kufikisha karibu unyonywaji wote unaowezekana. Kikombe cha chai ya maziwa halisi kinavuka hapo. Mtori wenye nyama, kipande cha parachichi, au maziwa ya mama kwa mtoto mchanga vinatosha pia. Mgonjwa asiyeweza kula kabisa anywe maziwa na kumeza. Uji mtupu na chai ya rangi havifai, na ni hivyo hasa ndivyo mgonjwa wa homa hupewa nyumbani. Ule mseto wa pili alioandikiwa sasa una sharti la kinyume: piperakwini isimezwe pamoja na mlo wa mafuta mengi, kwa sababu ikiingia nyingi mno huathiri mapigo ya moyo. Akichanganya masharti ya dawa hizi mbili, kila moja itamponza kwa njia yake.

Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, dozi hiyo hurudiwa nzima, kwa hiyo mtoa dawa ahakikishe vidonge vya ziada vinapatikana. Akitapika tena, si mgonjwa wa vidonge tena. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu aseme kabla, kwa kuwa hushusha sana viwango vya artemetha na lumefantrini na dozi ya kawaida inaweza kushindwa.

Baada ya kuanza ALu, homa hutarajiwa kushuka ndani ya siku mbili. Siku ya tatu homa ikiwa ingali juu, inarudiwa slaidi, siyo kaseti. Hili limepata uzito zaidi tangu ithibitishwe kwamba huko Kagera kuna falsiparum wanaochelewa kufa kwa artemisinini, wenye badiliko la jeni liitwalo R561H. ALu bado inawaponya wagonjwa wengi huko, kwa sababu lumefantrini inashika pale artemetha ilipopungua. Lakini kwa mgonjwa aliyetoka Karagwe akafikia Moshi, vimelea vinavyoonekana kwenye slaidi ya siku ya tatu viandikwe kwa idadi, tarehe na saa, na taarifa ipelekwe kwa mratibu wa malaria wa wilaya pamoja na slaidi yenyewe.